Siku moja na lodiseli ya kilo 500: kutoka sifuri hadi shanti

Saa 2:00 asubuhi. Omu kabla ya volti

Kazi ya leo ni lodiseli moja ya kilo 500, yaani seli ya mizani inayogeuza uzito kuwa ishara ndogo ya umeme. Cheti chake kinasema inatoa milivolti 2 kwa kila volti unayoilisha. Ukiilisha volti 10, mzigo kamili unakupa milivolti 20. Gawanya kwa 500, unabaki na maikrovolti 40 kwa kilo. Hiyo 40 niandikie ukutani, maana kila hitilafu ya siku nzima tutaipima nayo. Multimita ya mkononi inayoishia kwenye sehemu ya mia ya milivolti haioni chini ya robo kilo, kwa hiyo kazi hii inataka mita ya mezani inayosoma maikrovolti moja au chini yake.

Kabla ya kuwasha chochote, pima ukinzani. Mara nyingi waya mwekundu na mweusi ndio wa kulisha, wa kijani na mweupe ndio wa ishara, lakini watengenezaji hawakubaliani, na rangi si ushahidi. Ushahidi ni omu. Seli hii inasoma omu 390 kati ya nyaya za kulisha na omu 350 kati ya nyaya za ishara. Ndani ni daraja la Wheatstone lenye strein geji nne za omu 350, ambazo ukinzani wake hubadilika kidogo chuma cha seli kinapopinda kwa mzigo. Zile omu 40 za ziada ni rezista mbili za 20 zilizowekwa kwenye njia ya kulisha ili kufidia joto na kurekebisha wepesi wa seli kuitikia mzigo. Shika tofauti hiyo ya 390 na 350, mchana tutaihitaji.

Kisha pima kati ya kila waya wa kulisha na kila waya wa ishara. Vipimo vinne, vyote vinatakiwa kuwa karibu omu 282.5. Kimoja kikikaa peke yake, mkono mmoja wa daraja umeumia na hakuna potenshiomita itakayouponya.

Saa 2:40. Unyevu ni shanti isiyoalikwa

Pima pia kati ya nyaya zote na mwili wa chuma, kwa kipima insuleshini cha volti 50 au pungufu. Mega ya volti 500 ya mafundi umeme wa majengo iache kwenye boksi lake, itatoboa gundi iliyobeba geji. Seli nzima husoma megaomu maelfu.

Kwa nini maelfu? Chukua unyevu ndani ya kebo ulioacha njia ya megaomu 10 tu kati ya ishara hasi na hasi ya kulisha. Waya wa ishara umekaa kwenye volti 5, nusu ya zile 10. Volti 5 kupitia megaomu 10 ni maikroampia 0.5, nayo ikipita kwenye omu 175 za daraja, yaani geji mbili za 350 zikiwa sambamba, inazaa maikrovolti 87. Hizo ni kilo 2.2 ambazo hakuna aliyeziweka, na zitapanda na kushuka kadiri kebo inavyokauka na kulowa. Sifuri inayohama asubuhi na kurudi mchana, mimi huanzia hapo.

Saa 3:10. Kuwasha na kusubiri

Volti 10 kwenye omu 390 ni miliampia 25.6, na geji zinapata joto. Nusu saa ya kusubiri si uvivu. Ukisoma sifuri dakika ya kwanza, utaisoma tena dakika ya ishirini na kukuta nyingine.

Wakati wa kusubiri, fanya jaribio dogo ambalo wengi hulisahau: zima volti za kulisha kwa muda mfupi, mita ikiwa bado kwenye nyaya za ishara. Daraja lisilolishwa halina cha kusema, kwa hiyo chochote unachokiona hakitoki kwenye mzigo. Maikrovolti 15 zilizotulia ni thamokapo uliyoitengeneza bila kujua, mara nyingi pale waya wa shaba unapogusa ncha iliyooza au ya metali nyingine, upande mmoja ukiwa na joto kuliko wa pili. Pulizia pumzi kiungo hicho. Namba ikisogea, umempata mwizi. Safisha shaba mpaka ing'ae, kaza skrubu, na funika kiungo upepo wa feni usikifikie.

Saa 4:00. Kusawazisha daraja

Seli iko mezani bila mzigo, nayo inasoma milivolti 0.14. Cheti kinaruhusu asilimia 1 ya mzigo kamili, yaani 0.20, kwa hiyo iko salama. Ingekuwa 2 au 3, ningeuliza nani aliidondosha au kuipakia kupita kiasi. Chuma kilichopinda hakirudi, na kuificha sifuri yake kwa potenshiomita ni kumdanganya atakayeitumia.

Kuisawazisha, weka potenshiomita ya kiloomu 10 kati ya nyaya mbili za kulisha, na kutoka mguu wake wa kati peleka rezista ya megaomu 1 hadi kwenye waya mmoja wa ishara. Ukizungusha toka mwisho hadi mwisho, unapata takriban milivolti 0.87 kila upande. Inatosha. Ukiweka kiloomu 100 mahali pa megaomu 1, utapata milivolti 8.7 kila upande na kidole chako kitahangaika kutafuta sifuri, halafu kila mabadiliko ya joto kwenye rezista hiyo yataonekana mara kumi zaidi. Tumia rezista ya filamu ya metali, si ya kaboni.

Sahani ya juu ya mizani ina kilo 22, yaani milivolti 0.88. Hiyo siiondoi kwa potenshiomita. Indiketa, yaani kionyeshi cha uzito cha mizani, ina kitufe chake cha tare cha kufuta uzito wa sahani, kiachiwe kazi yake. Daraja lisawazishwe kwa kosa la daraja tu, ili siku nyingine sahani ikivuliwa sifuri ya seli yenyewe ionekane.

Saa 5:15. Shanti mezani

Shanti ni rezista kubwa unayoifunga sambamba na mkono mmoja wa daraja ili kuigiza mzigo. Hapa ni kiloomu 100 ya usahihi wa asilimia 0.1, kati ya ishara hasi na hasi ya kulisha. Ishara hasi inashuka kidogo, tofauti inapanda, namba inakuwa chanya. Ukiiweka upande wa ishara chanya utapata namba ile ile ikiwa hasi. Hakuna kilichoharibika. Kwenye kanuni hii Rs ni shanti na R ni ukinzani wa daraja:

```
mV/V = 1000 × R / (4 × Rs + 2 × R)
1000 × 350 / 400700 → 0.873 mV/V
```

Kwa volti 10 ni milivolti 8.73, sawa na kilo 218 hivi. Mita inasoma 8.734, yaani kilo 218.35. Vizuri.

Swali linalowapoteza wengi ni R ipi iingie kwenye kanuni. Anayechukua 390, kwa kuwa ndiyo aliyoipima kwenye nyaya za kulisha, anapata 9.73 na kuanza kulaumu amplifaya kwa kosa la asilimia 11. R ni ile ya nyaya za ishara, 350. Shanti inavuta mkondo kutoka kwenye kona ya ishara, na rezista za fidia zikiwa sawa pande zote mbili zinashusha kona mbili za kulisha kwa kiasi kimoja, kwa hiyo tofauti ya ishara haizioni.

Saa 8:00 mchana. Kebo ya mita 30

Sasa seli iko chini ya jukwaa, indiketa iko mita 30 mbali, kebo ya nyaya nne nyembamba. Unganisha ncha mbili upande wa mbali na upime: omu 5 kwenda na kurudi, 2.5 kwa kila waya. Indiketa inatoa volti 10.00 kamili, lakini kwenye seli zinafika 9.87.

Tumepanga mawe ya mizani ya kilo 20, kumi, jumla kilo 200, baada ya tare. Mezani yangetoa milivolti 8.00. Hapa tunasoma 7.90, pungufu kwa asilimia 1.3, kama volti za kulisha zilivyopungua.

Halafu shanti ile ile ya kiloomu 100, ikiwa imefungwa nyuma ya indiketa, inasoma 8.86. Mzigo umeshuka, shanti imepanda! Fundi mwenzangu alikuwa tayari anabadilisha rezista.

Rezista haina kosa. Nyuma ya indiketa shanti inakutana na volti 10 kamili, haijui kilichopotea njiani. Zaidi ya hapo, maikroampia zake 50 zinapita kwenye waya wa ishara wenyewe, omu 2.5, na kuongeza milivolti 0.125 ambayo mita inaihesabu kama mzigo. Ukirekebisha indiketa isome kilo 218.35 kwenye shanti hiyo, mawe ya kilo 200 yataonyesha 194.7.

Saa 9:00 alasiri. Kuihamisha shanti

Tumeisogeza shanti hadi kwenye kisanduku cha maungio kando ya seli. Inasoma 8.62. Linganisha: 8.73 kwa 8.62, na 8.00 kwa 7.90. Zote mbili zimeshuka kwa kiasi kimoja, kwa hiyo sasa shanti inasema kitu kile kile kinachosemwa na mawe. Rekebisha indiketa isome 218.35 hapo, pakia mawe, na 200 inasoma 200.

Anayetaka swichi ya shanti ibaki kwenye indiketa avute nyaya mbili za ziada kutoka kwenye kisanduku, za shanti peke yake. Omu 5 mbele ya kiloomu 100 hazina uzito. Kebo ya nyaya sita, yenye mbili za kuhisi volti kwenye seli, inarudisha 8.00 kwa mawe, lakini haiponyi shanti iliyofungwa nyuma ya indiketa, kwa sababu mkondo wake bado unapita kwenye waya wa ishara.

Na ikumbukwe shanti haigusi chuma. Seli iliyokwama kwenye kifusi, au boliti ya usafirishaji iliyosahaulika, itatoa 8.62 safi huku mawe yakisoma 150.

Saa 10:30. Kibandiko

Ndani ya kifuniko cha kisanduku tumebandika: sifuri ya seli tupu kabla ya kusawazisha, milivolti 0.14, shanti kiloomu 100, ishara hasi kwa hasi ya kulisha, hapa kwenye kisanduku, kilo 218.35; kebo omu 5; joto la chumba wakati wa kupima. Klipu za shanti zimetolewa, indiketa inasoma sifuri.