Pampu zilizoingia maji ya bahari: nilivyomdai mwenye meli

Tulipofungua kontena Uyole, pampu 12 kati ya 40 zilikuwa na kutu. Mkaguzi akadondoshea nitrati ya fedha kwenye katoni iliyolowa, ukatoka weupe kama maziwa: chumvi ya bahari, si mvua yetu ya Mbeya. Siku hiyohiyo nikamwandikia mwenye meli. Kwa uharibifu uliojificha, kanuni za usafirishaji baharini za Hague-Visby zilizotajwa kwenye hati ya shehena hutoa siku 3 tu za kutoa taarifa.

Akadai kontena ni kifurushi kimoja, kikomo cha fidia ni kilo 360 za pampu zilizoharibika mara SDR 2 (kipimo cha thamani cha IMF), yaani 720. Ujanja! Hati iliandika “kontena 1, katoni 40”, na katoni zikitajwa hivyo kila moja iliyoharibika huhesabiwa SDR 666.67. Kwa katoni 12, kikomo kikapanda hadi 8,000 hivi. Hasara yangu haikufika huko, akailipa yote.