Risiti za akaunti tatu, folda moja

Jana fundi wa maji alidai sijamlipa. Risiti nilikuwa nayo, lakini nina akaunti tatu za barua pepe, na nilihangaika nusu saa kuipata. Usiku nikatengeneza folda ya utafutaji, inayoonyesha pamoja ujumbe wa akaunti zote, kwenye programu ya barua pepe ya Thunderbird.

Nilifungua File > New > Saved Search, nikaiita "Risiti". Kwenye kitufe cha Choose nikadhani nimetia tiki Inbox ya kila akaunti. Kisha nikachagua Match any of the following, nikaweka masharti mawili: Subject contains risiti, na Subject contains receipt. Ukiiacha kwenye Match all, itadai maneno yote mawili kwenye kichwa kimoja cha habari, na folda itabaki tupu.

Nilijitumia ujumbe wa majaribio kila akaunti. Ujumbe wa akaunti mbili ukatokea, wa tatu haukuonekana, kumbe sikuwa nimetia tiki Inbox ya akaunti hiyo.

Tafadhali shikeni hili: folda hii haihifadhi nakala. Ukifuta ujumbe humo, umeufuta kwenye akaunti yake. Ukifuta folda yenyewe, ujumbe wote unabaki salama ulipokuwa.