Hata Lini

Mvua za vuli za mwaka 2005 hazikuja. Kijiji chetu kiko upande wa Magu, ufukweni mwa Ghuba ya Speke katika Ziwa Victoria, na mwaka ule hata ziwa lenyewe lilirudi nyuma. Matete yaliyokuwa yakisimama majini yakabaki kwenye tope, kisha kwenye udongo mkavu uliopasuka. Mitumbwi ikawa inaburutwa mbali kabla ya kuelea. Nilikuwa darasa la kwanza, nikiishi kwa bibi mzaa mama.

Mtu wa mbali huuliza: shamba lenu litakaukaje nanyi mko kando ya ziwa kubwa namna ile? Shamba letu lilikuwa juu, nyuma ya mawe, na maji yalipanda huko kwa kichwa cha mwanamke, ndoo moja moja. Ndoo hizo zilitosha kupikia, kunywa, na kumwagilia mchicha ambao bibi aliuotesha pale ziwa lilipoachia ardhi. Shamba la mtama huwezi kulimwagilia kwa ndoo. Shamba lilingoja mbingu.

Tulikula michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, asubuhi na ugali wa muhogo jioni, kwa dagaa pale walipopatikana. Michembe ilipoanza kupungua ndani ya kihenge, bibi akawa anaihesabu kabla ya kuitia chunguni. Mimi nilimwona akihesabu, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Kila usiku tuliomba kabla ya kulala. Bibi alinisimulia habari za Elia, jinsi nchi ilivyokaa bila mvua miaka mingi, na jinsi nabii yule alivyoinama juu ya mlima, uso katikati ya magoti, akimtuma mtumishi wake aende kutazama upande wa bahari. Mtumishi alirudi akisema hakuna kitu. Akatumwa tena, na tena, hata mara ya saba akaona wingu dogo kama mkono wa mtu likitoka baharini.

Kwa mtoto anayekaa ufukweni, hadithi ile ilikuwa ya kwetu kabisa. Kesho yake alfajiri nikapanda juu ya jiwe kubwa nyuma ya nyumba, nikatazama ziwa. Na mawingu yalikuwepo! Yalisimama mbali, juu ya maji, upande wa Ukerewe, meupe kwa juu na meusi kwa chini. Nikakimbia kumwambia bibi. Jua lilipopanda yakayeyuka, na mchana mbingu ikawa tupu, bluu kali.

Baadaye sana shuleni nilifundishwa sababu. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, upepo ukatoka nchi kavu kuelekea ziwani, na hewa yenye unyevu ikakusanyika pale juu ya maji na kupanda ikawa mawingu. Ndiyo maana hata mwaka wa ukame tuliona radi zikimulika ziwani usiku, bila hata kusikia ngurumo. Mchana upepo hugeuka, na mawingu yale ya ziwani hutawanyika. Nafurahi kuyajua hayo, wala hayakunipunguzia chochote. Lakini wakati ule nilijua jambo moja tu: Mungu ananionyesha mvua kila alfajiri, halafu anaiondoa.

Niliendelea kupanda jiweni nikihesabu kama mtumishi wa Elia. Asubuhi ya saba niliamka kabla ya jogoo. Nilikuwa na hakika. Mawingu yakaja, yakakaa, yakaondoka. Jioni bibi aliponiita kusali, nikakataa.

"Mwambie wewe, bibi. Mimi hanisikii."

Nilitegemea anikemee. Bibi alikuwa mtu wa kanisani, na kwetu mtoto hamjibu mkubwa namna ile. Badala yake akakaa chini kwenye mkeka, akanivuta karibu.

"Umemwambia hivyo?"

"Nimwambie nani?"

"Mungu. Umemwambia kwamba hakusikii?"

Nikatikisa kichwa. Nilidhani maneno kama hayo ni dhambi. Bibi akaifungua Biblia yake, ile iliyoshonwa kwa uzi mweusi mgongoni, kwenye Zaburi ya 13. Akasoma polepole, kidole kikifuata mstari: "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Zaburi ile ni fupi, mistari sita tu, na mwenye kuomba anauliza "hata lini" mara nne kabla hajaomba kitu chochote.

"Huyu analalamika," nikasema.

"Analalamika, ndiyo. Lakini angalia anamlalamikia nani. Ukiwa na njaa unalia kwa nani, mama?"

"Kwako."

"Kwa nini hulii kwa jirani?"

Sikuwa na jibu, naye hakunidai. Akaendelea mpaka mstari wa tano: "Nami nimezitumainia fadhili zako." Akafunga kitabu, akaniuliza kama nimesikia popote katikati ya "hata lini" na "nimezitumainia" pameandikwa kwamba shida yake imekwisha. Nikafikiri. Hapakuandikwa.

"Basi na sisi tuko hapo katikati," akasema. "Haya, sema yako."

Nikasema. Nilimwambia Mungu kwamba mawingu yale si mazuri, kwamba michembe inakwisha, na kwamba bibi anajifanya ameshiba wakati hajala. Nililia sana. Bibi akaitikia amina kama anavyoitikia sala ya mzee wa kanisa.

Mwishoni mwa Februari akateremsha kibuyu kilichoning'inia juu ya meko. Ndani mlikuwa na mbegu za mtama zilizochanganywa na majivu ili wadudu wasizitoboe. Majirani wengine walikwisha kula mbegu zao, na sithubutu kumlaumu mtu aliyepikia watoto wenye njaa. Bibi akazigawa mafungu matatu. Fungu moja tulilipanda kwenye vumbi. Yeye alipiga shimo kwa jembe, mimi nikadondosha punje, akafukia kwa mguu. Alichimba kina zaidi ya kawaida, ili manyunyu ya kudanganya yasiamshe mbegu na kuiacha ife, kama yalivyoua mahindi ya watu mwezi wa kumi na moja.

"Kwa nini tusipande zote, kama tunaamini?" nikamuuliza.

"Kuamini siyo kumjaribu Mungu. Tunampa fungu hili, na mengine tunayatunza kwa akili aliyotupa."

Mvua ilikuja Machi, usiku, kwa kishindo juu ya bati, na ikaingia ndani mahali ambapo bati lilikuwa na matundu. Hatukulala. Tuliweka sufuria, ndoo na beseni kila palipovuja. Siku chache baadaye mtama ukachomoza, ila kwa mapengo, maana mchwa walikuwa wamekwisha kula sehemu. Bibi akajaza mapengo kwa fungu la pili.

Halafu mvua ikakata tena. Majani machanga yakajikunja mchana, yakanyooka usiku, na kila siku yalichelewa zaidi kunyooka. Jioni moja bibi alikuwa akipalilia upande wa chini, nami nimesimama kwenye pengo lililokuwa limejazwa. Bila mtu kuniambia, nikaanza kwa sauti: "Ee BWANA, hata lini." Nikamtajia Mungu mtama wetu, nikamwonyesha na mstari ulionyauka zaidi. Nilipomaliza nikaongeza kwamba nimezitumainia fadhili zake, na nilikuwa namaanisha, ingawa mbinguni hapakuwa na wingu lolote.

"Amina," bibi akajibu kutoka kule chini. "Sasa njoo na kijembe chako, huku kuna magugu."