Plasta kwenye friji ya chanjo

Nilichaguliwa kuandika ile barua kwa sababu moja tu: mwandiko wangu unasomeka. Ilikuwa Desemba 2017. Mratibu wetu wa chanjo wa wilaya, ambaye sote tulimwita Mama, alikuwa amepata uhamisho baada ya miaka sita, na Ijumaa tulikuwa tunamfanyia pilau na soda kwenye ukumbi mdogo wa nyuma ya stoo. Wenzangu walitaka kurasa mbili za shukrani zisomwe kabla ya chakula, zawadi itolewe, watu wale.

Sehemu ya kwanza haikunitesa. Nilianza na dereva wetu.

Mama alipofika mwaka 2011, vibebeo vya chanjo vya kwenda vijijini vilikuwa vinafungashwa na yeyote aliyewahi asubuhi. Unatoa vipakiti vya barafu kwenye friza, vigumu kama matofali, unavipanga kuzunguka chanjo, unafunga, safari. Tuliamini kadiri barafu ilivyo kali ndivyo chanjo inavyokuwa salama. Kumbe kipakiti kilichotoka friza muda huohuo kina baridi kali kuliko sifuri, na kichupa cha penta, chanjo ya watoto ya kukinga magonjwa matano, kinachokigusa huganda kabla gari halijafika lami inapoishia. Penta ikishaganda imekufa. Mama hakutusomea mwongozo. Alivitandaza vipakiti mezani, akatuambia tusubiri, na kila baada ya dakika chache anachukua kimoja na kukitikisa sikioni. Kilipotoa sauti ya maji yanayogongagonga barafu ndani, akasema, "Sasa kimeanza kuzungumza. Huyu anaweza kusafiri."

Aliyelishika lile jambo kuliko sisi sote wenye vyeti alikuwa dereva. Mzee wa watu, aliyeajiriwa kushika usukani tu, akawa kila asubuhi ya huduma ya mkoba, ya kuwapelekea chanjo watu wa vijijini, anasimama pale mezani na kutikisa kimoja kimoja, jicho limefumbwa kama anayesikiliza redio yenye mikwaruzo. Siku moja nilikuwa na haraka nikataka tuondoke. Akanijibu bila kunitazama, "Sista, hawa wanne bado mabubu." Tukangoja. Msimu wa baridi kwetu huku Nyanda za Juu Kusini tulingoja hata zaidi ya saa nzima, na hakuna aliyenung'unika tena. Hilo niliandika lote, maana ukitaka kujua yule mama alitufanya nini, mtazame dereva.

Nikaandika pia habari ya chanjo ya surua-rubela, kwa kifupi. Kichupa chake kina dozi 10, na ukishakichanganya na maji yake una saa sita tu, zinazobaki unamwaga. Kwa kuogopa kumwaga, baadhi yetu tulikuwa tunamwambia mama mwenye mtoto mmoja arudi siku watakapokuwa wengi. Mama mratibu alimkuta mmoja wa hao njiani, amembeba mtoto mgongoni, anarudi kwao mwendo wa saa mbili kwa miguu. Alimpandisha kwenye gari akamrudisha kituoni, akafungua kichupa mwenyewe mbele yetu, akamchoma yule mtoto mmoja, na saa sita zilipoisha akamwaga dozi tisa. Akaijaza leja: zilizotumika 1, zilizomwagwa 9. Hakusema neno. Tangu siku hiyo sikumbuki mtu aliyerudishwa.

Hapo ndipo kalamu iliposimama, kwa sababu jambo lililokuwa limebaki lilikuwa la plasta.

Stoo yetu wakati ule ilikuwa na friji kubwa ya gesi. Wanaozijua hizo hawahitaji kuambiwa: inapoza kwa moto wa mtungi, na joto lake unalirekebisha kwa kidude cha kuzungusha chenye namba. Mchana wa Oktoba ukiiweka namba ya juu inakaa vizuri kati ya nyuzi 2 na 8. Usiku wa Juni, chumba chenyewe kikishakuwa baridi kama kisima, namba ileile itagandisha kila kitu. Kwa hiyo mtu lazima aizungushe kufuata majira, na mtu huyo alikuwa Mama peke yake. Juu ya kile kidude alibandika plasta pana ya hospitali, ile nyeupe ya kufungia vidonda, na kwa kalamu nyekundu akaandika USIGUSE.

Juni 2016 alikwenda mkoani kwenye kikao cha siku tatu. Jumatano jioni nilisoma kifaa cha kurekodi joto nikakuta nyuzi 3. Alhamisi saa 1 asubuhi, nyuzi 1 nukta 2. Nikaijaza fomu, nikazungushia namba ile kwa wino mwekundu kama alivyotufundisha, nikapiga simu. Imezimwa, yuko kikaoni. Nikapiga mchana, nikapiga jioni. Joto lilikuwa limepanda kidogo kwa jua la mchana, nyuzi 2 kamili, nikajidanganya kwamba limetengemaa. Nilisimama mbele ya ile friji nikiitazama plasta. Ukucha wangu nakumbuka uligusa pembe yake iliyokuwa imeanza kujikunja. Kisha nikaenda nyumbani.

Ijumaa asubuhi kifaa kilikuwa kinaonyesha alama ya hatari. Kile kifaa huitoa alama hiyo joto likikaa nusu nyuzi chini ya sifuri, au chini ya hapo, kwa dakika 60 mfululizo. Chetu kilikuwa kimekaa huko karibu saa tatu za usiku.

Ubaya wa penta iliyoganda ni kwamba ikishayeyuka huwezi kuitambua kwa kuitazama. Ule mraba mdogo wa kwenye kichupa, unaobadilika rangi chanjo ikipata joto, hauoni baridi kabisa. Unabaki na rangi yake hafifu ya mwanzo kana kwamba hakuna kilichotokea. Mama alirudi jioni ile, vumbi la safari bado liko kwenye viatu, akachukua kichupa kimoja cha toleo lilelile akakiweka friza kigande kwa makusudi. Jumamosi asubuhi kikayeyuka taratibu mezani. Akakishika mkono mmoja pamoja na kichupa kimoja kutoka kwenye friji, akavitikisa pamoja, akavisimamisha dirishani kwenye mwanga. Sote tukainama kutazama.

Chanjo hiyo ina chumvi ya aluminiamu ambayo ikiganda hushikana mabonge, na mabonge huzama haraka. Kichupa kizima hubaki na weupe kama maji ya mchele. Katika kile kilichogandishwa makusudi, baada ya dakika chache maji ya juu yalianza kuwa maangavu na ungaunga ukatua chini. Cha pili kikafuata mwendo uleule, hatua kwa hatua, kama mtu na kivuli chake. Mama akachukua kingine kutoka kona nyingine ya friji; kikawa hivyohivyo. Akavuta leja akaandika vichupa vilivyoharibika. Hakunigombeza. Wiki iliyofuata nilikuta plasta haipo, imeacha alama ya gundi yenye vumbi, na jambo likaishia hapo.

Je, haya yanaandikwa kwenye barua ya kuagana? Nilimuuliza mwenzangu wa stoo. "Andika mazuri tu," akasema, "mtu anaondoka, unamfungia mzigo wa nini?" Dereva aliyekuwa anakunywa chai akasema kwa sauti ya chini kwamba Mama mwenyewe alitufundisha kuzungushia namba mbaya wino mwekundu, hakutufundisha kuiruka.

Basi nikaandika, na nilifuta mara tatu. Rasimu ya kwanza ilikuwa imemlaumu, na ilikuwa ya uongo, kwa sababu Alhamisi ile plasta haikunizuia kuhamisha penta kwenye kasha la baridi lenye vipakiti vinavyozungumza. Hilo nililijua na sikulifanya. Iliyobaki ilisema hivi: "Mama, ulitufundisha kusoma joto hadi mlinzi wa usiku anajua nyuzi mbili ni nini. Lakini kuzungusha ulibaki nako mwenyewe. Juni ile mimi niliona, nikaandika, nikapiga simu, kisha nikangoja, kwa sababu tulikuwa tumezoea kwamba kuona ni kwetu na kuamua ni kwako. Vichupa 46 vya penta vikamwagwa. Kosa la kungoja ni langu. Ila huko unakokwenda tunakuomba, ukiwafundisha watu kuona, waachie na mkono wautumie."

Ijumaa niliisoma kwa sauti nikiwa nimesimama karibu na masufuria. Kwa dereva watu walicheka na kupiga makofi. Nilipofika kwenye friji ukumbi ukanyamaza, nikasikia mtu akiweka chupa ya soda chini polepole sana. Nilimaliza bila kuinua macho.

Mama akasema, "Kwani ile plasta si niliitoa?"

"Uliitoa, Mama," nikamjibu. "Lakini hukusema kitu. Mwaka na nusu sasa, hakuna aliyekigusa kile kidude."

Akatutazama mmoja mmoja, kama anatuhesabu. Kisha akacheka, kicheko cha mtu aliyekutwa. Akatueleza kitu ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyekijua: kwamba katika kituo chake cha zamani, gesi iliisha usiku, mtumishi akabadilisha mtungi na kuzungusha kidude hadi mwisho ili friji ipoe upesi, akasahau kukirudisha. Chanjo ya pepopunda ya miezi mitatu ikaganda yote. Plasta ile alianza kuibandika kule, akahama nayo. "Nilihama na woga wangu kwenye begi," akasema, "nikaja nikaubandika kwenu."

Akaniomba karatasi. Nilidhani anataka kuitunza tu, lakini alivaa miwani, akatafuta kalamu kwenye mkoba, akaipitia barua kwa kidole hadi ukurasa wa pili. Akakata 46 kwa mstari mmoja ulionyooka, kama tunavyokata makosa kwenye leja ili kilichokosewa kiendelee kusomeka, akaandika 49 pembeni na kuweka sahihi yake.

"Vitatu vya kupimia umevisahau," akasema. "Navyo vilimwagwa."