Mbuzi Aliyelia Nyuma ya Jiko

Juzi binti yangu alikuwa akitafuta faili la shule, akachomoa kabatini lile la plastiki. "Baba, hii barua mbona ina mihuri mingi hivi?" Nikaipokea. Ukingoni bado ina vumbi jekundu la Kinango.

Mihuri ile ilinila siku tisa. Kibali cha utafiti kutoka NACOSTI nilikuwa nacho mkononi kabla sijatoka Mombasa, nikadhani nimemaliza. Kumbe ndiyo kwanza naanza foleni: kamishna wa kaunti kule Kwale, ofisi ya elimu, naibu kamishna, ndipo chifu. Kila mmoja anataka kuona muhuri wa aliye juu yake na kubaki na nakala yake. Nilivuka feri ya Likoni na nakala kwapani hadi wachuuzi wa korosho wakanizoea.

Chifu alinipokea vizuri, pengine vizuri mno. Akaisoma barua hadi mstari wa mwisho, akagonga muhuri, kisha akasema, "Mwalimu, kijana wa kukusaidia usihangaike. Yupo mpwa wangu, amemaliza chuo."

Aliyekugongea muhuri utamwambia nini? Na nilimhitaji kweli. Wasaidizi wangu wa Kisauni walijua Kiswahili tu, na akina nyanya kule wanazungumza Kiduruma.

Boma la tatu, mama mmoja alikuwa akipukuchua mahindi kwenye ungo. Mpwa akamuuliza ana mbuzi wangapi. Mama akanyamaza, kidole gumba kikaendelea na gunzi, punje zikidondoka moja moja. "Hatuna." Nyuma ya jiko mbuzi akalia. Akalia tena, kwa sauti ya mtu aliyeitwa jina. Mama hakuniangalia mimi, alimwangalia mpwa. Mpwa akakohoa, akaandika sifuri kwenye simu.

Jioni nilifungua fomu zote. Kati ya maboma 22 aliyopita yeye, 19 hayakuwa na mbuzi hata mmoja. Baadaye nikaambiwa ndiye aliyeandika majina ya chakula cha msaada mwaka uliopita, na mwenye mifugo hakuandikwa.

Mipango ya akiba nilikuwa nayo: hojaji za karatasi simu zikizima, pawabenki tatu, bodaboda anayejua kivuko mvua ikinyesha. Huu sikuupanga. Tukampata msichana wa lokesheni ya jirani, Mduruma, asiye na undugu na ofisi yoyote. Mpwa akawa wa kutuonyesha njia tu, akibaki kwenye mwembe mbali na masikio. Yale 19 tukayarudia.

Mama wa mahindi alicheka alipotuona. "Andika wanne," akamwambia msichana. "Lakini yule wa mwembeni akiuliza, hatuna."

Tuliandika wanne. Maboma sita yalibaki na sifuri hata mara ya pili, na mpaka leo sijui kama hawakuwa na mbuzi kweli, au waliuona mwembe.