Kupima kimo kwa kamera ya simu: nilivyolinganisha programu na stadiomita

Swali ninaloulizwa sana na wahudumu wa afya mitaani Nairobi ni kama simu inaweza kushika nafasi ya stadiomita, ule ubao wa wima wenye kibao kinachoshuka hadi utosini. Nilipolinganisha nilianza na stadiomita. Mtu anavua viatu, anaunganisha visigino, mgongo unaelekea ubaoni, na macho yanatazama mbele hadi ukingo wa chini wa tundu la jicho uwe sawa na tundu la sikio. Kibao kinashushwa kwa nguvu ya kutosha kubana nywele, kisha namba inasomwa jicho likiwa usawa wake. Napima mara mbili, na vipimo vikitofautiana kwa zaidi ya nusu sentimita narudia. Simu inafuata papo hapo, kwa sababu mwili hupungua kimo kwa takriban sentimita moja kati ya asubuhi na jioni. Anayepima kwa simu haambiwi namba ya ubaoni, la sivyo atasogeza alama hadi ilingane.

Mfano ni mwanamume aliyepata 168.4 kwenye stadiomita. Programu ya aina ya kwanza ni ile unayoweka nukta sakafuni, kisha unainua simu hadi utosini. Ilitoa kati ya 170.2 na 171.6. Kurudia na kutafuta wastani hakukusaidia, kwani kosa lote lilielekea upande mmoja: alikuwa na nywele za afro fupi, na kamera huona nywele, haiwezi kuzibana. Tulipoweka kitabu chenye jalada gumu utosini, kimelala sawa na kubana nywele, na alama ikawekwa kwenye ukingo wake wa chini, wastani ulishuka hadi karibu 169. Kwa mwenye rasta zilizofungwa juu au kilemba, kosa hilo ni kubwa zaidi. Hata iPhone zenye kihisi cha lidar, kuanzia 12 Pro, huhesabu kutoka sakafuni hadi juu ya nywele au kofia katika programu ya Measure.

Mwisho wa pili wa kipimo, baada ya utosi, ni sakafu. Vigae vyeupe vinavyong'aa havina alama za kamera kushikilia, hivyo programu hubahatisha sakafu ilipo. Utagundua hivi: weka nukta sakafuni, tembea hatua mbili kando, kisha itazame tena. Ikiwa imehama au inaelea, usiendelee. Tandika leso yenye maua ikiwa imenyooka, au gazeti, na uanze upya.

Aina ya pili hupima kutoka picha moja, ikitumia kitu chenye urefu unaojulikana, kwa mfano karatasi ya A4 yenye sentimita 29.7. Hapa ndipo nilipoona makosa makubwa kuliko yote, na chanzo chake ni umbali. Simu ikiwa mita 3 kutoka kwa mtu, naye ameshika karatasi sentimita 15 mbele ya mwili, karatasi huonekana kubwa kupita kiasi na mtu hupunguzwa kwa asilimia 5. Yule wa 168.4 anakuwa 160. Ukiibandika ukutani nyuma yake, kosa linageuka na mtu anarefuka. Nilichokiona kinafaa ni kubandika karatasi kwenye fremu ya mlango, mtu asimame ndani ya fremu masikio yakiwa umbali ule ule na karatasi kutoka kwa simu, na simu isimame wima kwenye stuli, karibu na usawa wa kiuno. Ukirudi nyuma hadi mita 6, kosa la umbali hupungua kwa nusu. Usitumie lenzi pana. Inavuta kingo za picha, na kichwa na miguu viko kwenye kingo hizo.

Kabla ya kuamini programu yoyote, ijaribu kwa ubao mnyoofu uliopimwa kwa tepu, tuseme sentimita 150. Ubao hauna nywele wala haulegei, kwa hiyo tofauti utakayoipata ni ya programu na mpimaji tu. Ikizidi sentimita moja, tafuta sababu kwanza.

Sentimita mbili au tatu zinaweza kubadilisha jibu. Mtu wa kilo 70 mwenye sentimita 170 ana BMI ya 24.2, simu ikisema 167 anapata 25.1, na amevuka mstari wa uzito uliozidi. Kwa watoto sikubali simu kabisa. Mvulana wa miezi 24 hupimwa akisimama. Kimo cha kati katika viwango vya WHO ni 87.1, na chini ya 81.0 anahesabiwa amedumaa. Mtoto wa 80 ambaye simu imemwongezea sentimita mbili ataandikwa yuko salama, na hatapelekwa kwa mtaalamu wa lishe.