Miwani isiyo na pawa

Jumanne, usiku

Mdogo wangu ana usaili wa kazi keshokutwa, nafasi ya afisa mikopo, na leo jioni kaja kuniomba hela ya miwani. Macho yake ni mazima kabisa, huyu anasoma namba ya daladala kabla mimi sijaliona gari lenyewe. Anataka fremu nyeusi nene yenye vioo vitupu. Kuna kijana wanayefahamiana aliingia na miwani ya namna hiyo akapata kazi. “Dada, wewe mwenyewe si unaona walinzi wanavyokuita dokta?”

Hapo kanipata. Nimevaa miwani tangu kidato cha pili na ni kweli, nikienda hospitali kumwangalia mgonjwa nje ya saa za kutazama wagonjwa, getini napita bila kuulizwa. Nikiwa nimeivua kuisafisha, naulizwa naenda wodi gani.

Kwa hiyo sikumcheka. Nilimweleza kitu nilichowahi kukisoma kikanikaa kichwani. Hili jambo limechunguzwa tangu miaka ya 1940, pale mwanasaikolojia wa Marekani aitwaye Thornton alipowaonyesha watu picha za mtu yuleyule, mara na miwani, mara bila. Mwenye miwani alionekana ana akili zaidi na ni mchapakazi zaidi. Ila utafiti ninaoupenda ni wa Mwingereza Michael Argyle na mwenzake McHenry, mwaka 1971. Watazamaji walimwona mtu kwa sekunde 15 tu, kisha wakakadiria akili zake. Miwani ilimwongezea kama alama 13 kwenye kipimo cha akili, ambacho mtu wa kawaida hupata 100. Alama 13 si haba, ni umbali wa kutoka mwanafunzi wa katikati hadi yule ambaye walimu wanamjua kwa jina. Halafu wakawapa watazamaji wengine nafasi ya kumwona mtu akizungumza kwa dakika 5 hivi. Zile alama zikayeyuka zote. Mtu akishafungua mdomo, watazamaji wanapata kitu kingine cha kupimia, na vioo vinabaki kuwa vioo.

“Usaili wako utachukua muda gani?” nikamuuliza. Akasema nusu saa. Nikamwambia basi miwani yako itakuwa imeisha kazi kabla hujamaliza kujitambulisha.

Akanijibu haraka, na jibu lake limenifanya niandike haya yote: “Lakini hizo sekunde 15 ndizo zinaamua wataniuliza nini.”

Nimelifikiria hilo wakati naosha vyombo, na naona ana hoja. Wale watazamaji wa Argyle walikuwa wamekaa wanatazama. Hawakuwa wanamsaili mtu. Msaili haishii kutazama, yeye ndiye anayechagua swali la pili. Akikuona mzito tangu mlangoni, anaweza kukupa swali la kitoto, ukalijibu vizuri na bado ukaonekana wa kawaida. Akikuona msomi, anakupa nafasi ya kueleza. Hiyo ni dhana yangu tu, lakini nimekaa kwenye meza za usaili kazini na nimeona maswali yanavyobadilika kabla mtu hajaketi sawasawa.

Kilichonifanya nimnyime hela ni kingine kabisa: vioo vitupu vinajulikana. Mwenye miwani anamtambua asiye nayo kwa ukweli, hata bila kukusudia. Mimi naona mbali kwa shida, lenzi zangu ni za minasi. Ukinitazama kwa pembeni kidogo, utaona ukingo wa uso wangu, pale shavuni karibu na sikio, umekatika: sehemu iliyo nyuma ya kioo imeingia ndani kuliko iliyo chini yake. Wazee wanaovaa lenzi za plasi, za kusomea, macho yao yanaonekana makubwa. Vioo vitupu havifanyi lolote kati ya hayo. Shavu linapita moja kwa moja kama hakuna kitu, na kama ni vya bei rahisi vinaakisi dirisha zima au taa ya juu, mpaka macho yenyewe hayaonekani. Nilimvalisha yangu mbele ya kioo cha kabatini akaona mwenyewe, huku akilalamika kizunguzungu. Sasa fikiria mmoja kati ya wasaili wake ana minasi tatu na ameketi mita moja na nusu kutoka kwake. Kwa nafasi ya mtu atakayeshika mikopo ya watu, kujulikana umevaa kitu cha kuigiza si jambo dogo.

Na hii dhana kwamba miwani ni usomi haikutoka hewani. Mwaka 2018 watafiti wa Uingereza walichambua taarifa za watu karibu 68,000, wakaonyesha kwamba miaka ya masomo yenyewe inachangia kuharibu uwezo wa kuona mbali. Mtu aliyesoma miaka 17 hadi chuo kikuu, kwa wastani, anakuwa na walau minasi moja zaidi ya aliyeishia miaka 12. Kwa hiyo kitabu ndicho kinacholeta miwani. Kurudi nyuma, kwamba macho mabovu yanampeleka mtu mbali shuleni, hawakuona ushahidi wa maana.

Huku kwetu kuna jambo linaongezeka juu ya hilo, nalo ni pesa. Darasani kwetu kulikuwa na msichana anayeketi nyuma, ananakili ubao kwa kuchungulia daftari la jirani, na mwalimu alimhesabu mvivu. Hakuna aliyempima macho. Mimi nilipimwa kwa sababu baba alikuwa na bima ya kazini. Kwa hiyo mlinzi anapoiona miwani yangu na kusema dokta, naona anasoma uwezo wa baba yangu pia.

Nikamwambia hela hiyo ifae zaidi kwenye nguo. Kuhusu nguo, utafiti nilionao ni wa Oh, Shafir na Todorov, wa Marekani, uliochapishwa miaka michache iliyopita. Waliweka sura zilezile juu ya nguo zinazoonekana za mtu mwenye hela zaidi kidogo na za mwenye hela pungufu kidogo, na tofauti haikuwa kubwa, hakuna aliyevishwa matambara. Mwenye nguo bora alihukumiwa ana uwezo zaidi hata picha ilipoonyeshwa kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Wakawaambia watazamaji wasiangalie nguo. Wakawaambia watu hawa wote wana kazi moja na kipato kinacholingana. Wakaahidi hata zawadi ya pesa kwa atakayekadiria vizuri. Hukumu ikabaki ileile. Hao nao walitazama picha tu, hakuna aliyezungumza, kwa hiyo siwezi kusema nguo inadumu kuliko miwani mtu akianza kuongea. Ninachokiona ni kwamba nguo haimwekei mtu mtego. Hakuna msaili atakayekunja kola yako kuchunguza kama ni ya kweli.

Tukafungua begi lake. Shati jeupe alilokusudia kuvaa lina kola iliyochakaa mpaka uzi unaonekana mahali inapogusa shingo. Suruali nzuri. Viatu vinahitaji soli. Hela ya miwani tumeigawa: fundi viatu kesho asubuhi, na shati moja la mtumba daraja la kwanza, nitakwenda naye kuchagua kwa sababu yeye huangalia rangi tu na hageuzi kola. Ametoka amenuna kidogo. Anasema akikosa kazi, lawama ni zangu.